Zaidi ya Nani?

Shuleni tuliziita mafumbo. Hesabu iliyokuja na tarakimu tupu iliitwa hesabu, basi. Lakini ile iliyokuja na Juma, na machungwa, na duka, na basi la kwenda Dodoma, hiyo iliitwa hesabu ya fumbo, na ikitajwa darasa zima lilishusha pumzi. Nilianza kulitilia shaka jina hilo miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma shahada ya umahiri katika isimu, yaani nikiwa nalipa ada ili nifundishwe kutazama sentensi.

Fumbo ni usemi uliofichwa makusudi. Anayefumba anataka baadhi ya wanaomsikia wasielewe, ndiyo maana wahenga wakasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Sasa mpe mtoto wa miaka 13 swali, umwambie kwamba hili ni fumbo. Umeshamwambia mambo mawili kabla hajasoma neno la kwanza: kwamba kuna kitu kimefichwa, na kwamba asipokiona, mjinga ni yeye.

Ukweli ni kinyume chake. Swali zuri la aina hii halifichi kitu. Kila sentensi yake inafanya moja kati ya kazi tatu. Ama inakupa kiasi cha kitu fulani, ama inakupa uhusiano kati ya kiasi kimoja na kingine, ama inauliza. Mara nyingine sentensi moja inafanya kazi mbili kwa pamoja, lakini kazi ya nne haipo. Asiyeweza kulijibu mara nyingi hajashindwa hesabu wala hajakosa werevu. Amesoma tarakimu akaacha sentensi.

Mwaka jana nilipanga chumba Tabata, kwenye nyumba ya vyumba sita, na mlango wa pili kutoka kwangu aliishi Mama Zawadi na binti yake. Zawadi, ambaye jina lake nimelibadilisha, alikuwa darasa la saba. Mwezi wa nane, wiki tano kabla ya mtihani, mama yake alinibishia hodi akiwa ameshika daftari.

"Dada, wewe uko chuo. Naomba umwangalizie mdogo wako hizi hesabu. Nyingine zote anaweza, haya mafumbo ndiyo yanamuua."

Nilijua kilichokuwa nyuma ya maneno hayo kwa sababu kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. Mama mkubwa wa Zawadi alikuwa na mgahawa Tanga. Ilishapangwa kwamba asipochaguliwa kwenda sekondari, mwezi wa kwanza atapanda basi kwenda kuosha vyombo huko. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa ukali. Lilisemwa kama ratiba.

Nilifungua daftari nikakuta mwanafunzi mzuri wa hesabu. Alikuwa amegawanya 18,432 kwa 24 kwa mkono, hatua zote zimepangwa kama ngazi, akapata 768 bila kosa. Sehemu na desimali zilikuwa safi. Ila penye maneno palijaa alama nyekundu. Na nyuma ya jalada palibandikwa karatasi aliyopewa tuisheni, yenye kichwa "Maneno elekezi". Jumla, pamoja, zaidi: jumlisha. Bakia, tofauti, pungufu: toa. Kila, mara: zidisha. Gawana, sawa kwa sawa: gawanya.

Nilimwandikia swali moja dogo kabla ya mengine yote. Katika jahazi kuna kondoo 26 na mbuzi 10. Nahodha ana umri wa miaka mingapi?

Swali hilo si langu. Mwaka 1980 watafiti wa ufundishaji wa hisabati mjini Grenoble, Ufaransa, walichapisha matokeo ya kuwapa swali kama hilo watoto 97 wa shule ya msingi. Watoto 76 walitoa umri wa nahodha, wakiupata kwa kuzichezesha zile tarakimu mbili. Zawadi naye alinyamaza kidogo, akaandika 36.

Nikamuuliza kwa nini amejumlisha.

"Nikitoa anakuwa na miaka 16, Dada, huyo bado mdogo kuwa nahodha. Nikizidisha anakuwa na 260."

Alikuwa amefikiri, tena kwa makini. Ila alikuwa anayapima majibu, si swali. Alishazoea kwamba karatasi ikiwa na namba mbili, kazi yake ni kuchagua tendo moja kati ya manne, na akili yake yote aliitia kwenye kuchagua. Hakuna mahali kwenye mazoea hayo ambapo mtu anauliza kama kondoo wana uhusiano wowote na umri wa nahodha. Sikumwambia kwamba swali halina jibu. Nilimwomba aikunje karatasi ile na kuiweka, tutairudia.

Swali tulilokaa nalo jioni mbili lilitoka kwenye daftari lake, nami nimelibadilisha kidogo tu:

Mama Rehema aliuza maandazi 84 siku ya Jumatatu. Idadi hiyo ni 12 zaidi ya maandazi aliyouza Jumapili. Jumanne aliuza mara mbili ya maandazi aliyouza Jumapili. Ikiwa aliuza kila andazi kwa shilingi 200, alipata shilingi ngapi kwa siku zote tatu?

Zawadi alipiga mstari chini ya "zaidi", akaandika 84 kujumlisha 12, akapata 96. Akapiga mstari chini ya "mara mbili", akapata 192. Akajumlisha siku tatu akapata 372, akazidisha kwa 200, jibu shilingi 74,400. Mahesabu yote ni sahihi na jibu si sahihi. Tena kwenye mtihani wa kuchagua, 74,400 lazima ingekuwepo kati ya majibu, kwa sababu anayetunga mtihani anaijua njia hiyo vizuri kuliko mtoto anayeipita.

Nilimwomba afunike swali lote kwa daftari, aache sentensi ya kwanza peke yake. Inasema nini? Inatoa kiasi: maandazi ya Jumatatu ni 84. Akaandika "Jumatatu = 84". Nilimsisitizia kwamba neno "Jumatatu" pale ni muhimu kuliko 84, kwa sababu tarakimu isiyo na jina ni yatima, na atakayeiokota ataifanya anavyotaka.

Kisha tukateremsha daftari kwa mstari mmoja. Idadi hiyo ni 12 zaidi ya maandazi aliyouza Jumapili.

Hapa ndipo swali zima lilipo, na kwa mtu wa isimu hapa ndipo pana utamu. Sentensi hii ina tarakimu 12, lakini hakuna siku ambayo Mama Rehema aliuza maandazi 12. Hiyo 12 ni pengo kati ya siku mbili. Sentensi haitupi kiasi bali uhusiano, na uhusiano una pande mbili. Upande mmoja umetajwa kwa jina, Jumapili. Upande wa pili umetajwa kwa neno "hiyo", na "hiyo" haina maana yoyote peke yake mpaka ufuate kidole chake kinapoelekea. Kinarudi nyuma, kwenye 84, kwenye Jumatatu.

"Kwa hiyo siku gani aliuza zaidi?" nikamuuliza.

Alitazama sentensi kwa muda mrefu, midomo ikicheza. "Jumatatu."

"Zaidi ya nani?"

"Ya Jumapili." Halafu akacheka. "Kumbe Jumapili ni ndogo."

Nilimwambia aandike hivyohivyo sentensi inavyosema, asifanye hesabu yoyote. Akaandika:

Jumatatu = Jumapili + 12

Tazama mstari huo. Una alama ya kujumlisha, na alama hiyo ni ya kweli, kwa sababu Jumatatu ni Jumapili na nyongeza ya 12. Karatasi ya maneno elekezi haikudanganya kusema kwamba "zaidi" huambatana na kujumlisha. Ilichokosa ni kutenganisha uhusiano na tendo. Uhusiano ni kile sentensi inachosema. Tendo ni kile wewe unachofanya ili kujaza nafasi iliyo wazi. Ukiijua Jumapili ukaitafuta Jumatatu, utajumlisha. Lakini sisi tunaijua Jumatatu, nafasi iliyo wazi ni Jumapili, kwa hiyo 84 toa 12, ni 72. Uhusiano uleule, sentensi ileile, neno lilelile "zaidi", na tendo linageuka kutegemea upande gani uko wazi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Jumanne ni mara mbili ya Jumapili, si ya Jumatatu, ingawa Jumatatu ndiyo iliyopewa namba na ndiyo inayovuta jicho. Kwa hiyo Jumanne ni 144. Siku tatu ni 72 na 84 na 144, jumla maandazi 300. Kwa shilingi 200 kila moja, ni shilingi 60,000.

Kuna jaribio la macho ambalo hunirudia kila nikiukumbuka mkao wake jioni ile. Mwaka 1995 Mary Hegarty, Richard Mayer na Christopher Monk walichapisha utafiti ambao walifuatilia macho ya wanafunzi wa chuo wakisoma maswali ya namna hii kwenye skrini. Walitaka kujua msomaji anarudi kutazama nini baada ya kulisoma swali mara ya kwanza. Waliokuwa wanakosa walirudi zaidi kwenye tarakimu na kwenye maneno kama "zaidi" na "pungufu". Waliokuwa wanapata walirudi zaidi kwenye majina ya vitu vinavyolinganishwa. Nikiliweka kwa lugha ya nyumba yetu, aliyekosa alirudi kutazama 12 na "zaidi", na aliyepata alirudi kutazama Jumatatu na Jumapili. Na hao walikuwa watu wazima wa chuo kikuu, si watoto wa darasa la saba.

Kiswahili nacho kinaongeza mtego wake hapo. "Zaidi", "zidi" na "zidisha" ni maneno ya ukoo mmoja. Mtoto akisikia "zaidi", mwangwi wa "zidisha" uko jirani, na kwenye daftari la Zawadi nilikuta mahali ambapo "8 zaidi ya" ilizaa kuzidisha kwa 8. "Toa" ni gumu zaidi. Ni jina la tendo la hesabu, lakini pia ni neno la nyumbani. Baba akitoa shilingi 5,000 akampa mtoto aliyekuwa na shilingi 2,000, kwa baba ni kutoa, kwa mtoto ni kujumlisha. Swali likiuliza mtoto sasa ana shilingi ngapi, atakayefuata neno "akitoa" atapata 3,000 na baba atakuwa amemwibia mwanawe. Hata "kila" hutumika pande zote mbili. Maandazi ya shilingi 200 kila moja yalitufanya tuzidishe. Lakini maandazi 300 yakipangwa kwenye sahani, kila sahani maandazi 12, ukaulizwa ni sahani ngapi, utagawanya, upate 25. "Kila" haisemi zidisha wala gawanya. Inasema tu kwamba vitu viwili vinakwenda pamoja kwa kipimo kisichobadilika.

Nisiwe mchoyo lakini, maana Kiswahili kinaweka mtego kwa mkono mmoja na kutoa msaada kwa mwingine. Jioni ya tatu nilimwambia Zawadi aanze na sentensi ya mwisho, ile inayouliza, na atazame kichwa cha neno "ngapi". Watu wangapi. Vikombe vingapi. Maandazi mangapi. Miti mingapi. Kabla hajajua namba yoyote, kile kiambishi cha mwanzo kimeshamwambia jibu ni la jamii gani. Ukiulizwa wangapi, jibu ni viumbe, na viumbe hawagawanyiki nusu. Ukiulizwa vingapi, usilete shilingi. Akishajua jibu ni la jamii gani, anaweza kulinganisha na kila alichokipata njiani na kuona kama amefika au bado yuko katikati ya safari. Kwenye swali la Mama Rehema, 300 inavutia sana kuishia hapo, kwa sababu ni namba nzuri na ya mviringo. Lakini 300 ni jibu la "mangapi", na swali liliuliza "shilingi ngapi".

Msaada huu si mdogo. Katika upimaji wa kitaifa nchini Marekani ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1983, vijana wa miaka 13 waliulizwa: basi la jeshi linabeba askari 36, na askari 1,128 wanatakiwa kusafirishwa, je yanahitajika mabasi mangapi? Wengi waligawanya vizuri. Lakini karibu watatu kati ya kila kumi walijibu "31 na baki 12", na wasiofika robo ndio walioandika 32. Baki 12 ni askari kumi na wawili waliosimama juani na mabegi yao. Hesabu ya kugawanya ilikwisha pale kwenye baki, lakini sentensi haikuwa imekwisha. Nilimpa Zawadi swali hilo. Alifika kwenye 31 na baki 12, akarudisha jicho kwenye "mangapi", akasema kwa sauti ya mtu anayegombana na kondakta, "Hao kumi na wawili nao walipe nauli, waje na la kwao." Akaandika 32.

Swali lililomtesa mpaka wiki ya nne lilikuwa la sehemu:

Baba alitumia robo ya fedha zake kulipa kodi. Alitumia theluthi ya fedha zilizobaki kununua chakula. Alibaki na shilingi 24,000. Alikuwa na shilingi ngapi mwanzoni?

Njia yake ya kwanza ilikuwa ya kitaalamu kwa sura. Alijumlisha robo na theluthi akapata saba ya kumi na mbili, akaona zimebaki tano ya kumi na mbili, akazilinganisha na 24,000, akapata shilingi 57,600. Hakuna kosa la kukokotoa hata moja. Kosa liko kwenye neno "zilizobaki", ambalo alilipita kama mtu anavyopita tuta la barabarani usiku.

Theluthi haina maana mpaka useme theluthi ya nini. Sentensi ya kwanza inasema robo ya fedha zake, yaani zote. Sentensi ya pili inasema theluthi ya zilizobaki, yaani za baada ya kodi. Ni mafungu mawili tofauti ya fedha, na robo ya fungu moja haijumlishwi na theluthi ya fungu jingine, kama vile nusu ya chungwa na nusu ya tikiti haziwi tunda zima. Nilimwomba ayape majina mafungu yote yaliyomo kwenye hadithi hata kama hayajapewa tarakimu. Aliandika matatu: za asubuhi, za baada ya kodi, za baada ya chakula. Ni fungu moja tu lililopewa namba, la mwisho.

Kisha akachora utepe mmoja mrefu, akaukata vipande vinne sawa. Kipande kimoja akakitia kivuli, kodi. Vikabaki vitatu. Akasoma tena: theluthi ya zilizobaki. Penseli ilisimama hewani.

"Dada, theluthi ya vipande vitatu si ni kimoja?"

Ni kimoja. Akakitia kivuli nacho. Vikabaki vipande viwili, na hivyo viwili ndivyo 24,000. Kipande kimoja ni 12,000, vinne ni 48,000. Alimaliza kwa mistari mitatu ya hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeiweza.

Kinachofanya swali hili liwe gumu ni kwamba hadithi inakwenda mbele na hesabu inarudi nyuma. Baba alianza na fedha nyingi, akalipa kodi, akanunua chakula, akabaki na kidogo. Sisi tumepewa mwisho, tunadaiwa mwanzo. Anayefanya tendo kila anaposoma sentensi, hapohapo, hawezi kulitatua, kwa sababu sentensi ya kwanza haina namba ya kufanyia kitu. Lazima aziandike sentensi zote kwanza kama uhusiano, aziache zikae mezani, ndipo atafute pa kuingilia. Hapo ndipo karatasi ya maneno elekezi inapokufa kabisa. Inamfundisha mtoto kutenda kabla habari haijaisha.

Nilimwachia na kipimo kimoja cha kujikagua, ambacho hakihitaji mwalimu. Ukipata jibu, lirudishe kwenye hadithi na uisome tena kutoka juu. Chukua 57,600. Robo ni 14,400, zinabaki 43,200. Theluthi ya hizo ni 14,400, zinabaki 28,800. Lakini swali limesema alibaki na 24,000, kwa hiyo huyu si baba yetu. Chukua 48,000. Kodi 12,000, zinabaki 36,000, chakula 12,000, zinabaki 24,000. Ndiye. Kwa maandazi kipimo ni cha sikio tu. "84 ni 12 zaidi ya 72" inapita vizuri. "84 ni 12 zaidi ya 96" inakwama kooni hata kwa asiyejua hesabu.

Njia hii ina mipaka yake, na niliiona. Haikupi kile ambacho sentensi haikusema kwa sababu inadhani unakijua. Swali likitaja dazeni tatu za mayai, uhusiano kwamba dazeni ni 12 haumo kwenye karatasi, uko sokoni. Likitaja mafundi watano kumaliza ukuta kwa siku sita, linadhani unajua kwamba wote wanafanya kazi kwa kasi moja na hakuna aliyekwenda msibani. Pia inachukua muda. Mwanzoni Zawadi alitumia dakika kumi kwa swali moja, na chumba cha mtihani hakina dakika hizo. Tulichofanya ni kuacha kuandika kwa sentensi nyepesi na kubakiza maandishi kwa zile zenye uhusiano, hasa zenye "zaidi ya", "pungufu ya", "mara" na "-baki". Wiki ya tano alikuwa anatumia dakika tatu.

Siku mbili kabla ya mtihani niliikunjua ile karatasi ya jahazi nikamwekea mbele. Alifunika, akafunua, akaandika "kondoo = 26", "mbuzi = 10", akaandika "umri wa nahodha = ?". Akarudi juu kutafuta sentensi ya kuviunganisha.

"Hakuna inayomgusa nahodha," akasema, na akaurudisha mkono wake mezani bila kuandika tendo lolote. Kisha, kwa hasira kidogo, "Nani aliandika hili swali?"

Alichaguliwa. Si kwa alama za kutangazwa gazetini, lakini zilitosha kwa sekondari ya kata, na basi la Tanga liliondoka mwezi wa kwanza bila yeye. Mama yake aliniletea sahani ya vitumbua vilivyofunikwa kwa kitambaa, akasimama mlangoni, hakusema mengi.

Halafu, mwezi wa pili, Zawadi alikuja na daftari jipya. Kidato cha kwanza hesabu ni kwa Kiingereza. Swali lilikuwa la mkulima na mifuko ya mahindi, na sentensi ya pili ilikuwa na lile neno lao la "zaidi". Nilitazama na kuona ni vitu vingapi ameachwa bila navyo. Kiingereza kinauliza idadi kwa maneno mawili yaleyale, wawe watu, viwe vikombe au iwe miti, kwa hiyo kile kiambishi kilichokuwa kinamwambia jibu ni la jamii gani hakipo tena. Maneno ya kulinganisha hakuyajua yote. Msichana aliyejifunza kusoma sentensi kwa wiki tano alikuwa amepewa sentensi nyingine kabisa, na hakuna mtu shuleni aliyekuwa ameliona hilo kama tatizo la hesabu.

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kamusi. Alipoona nainuka alinionesha ukingoni mwa ukurasa, ambako tayari ameandika kwa penseli, kwa Kiswahili, majina ya wakulima wawili, na chini yake: "Nani ana zaidi? Zaidi ya nani?"

Neno moja tu ndilo lilimkwamisha. Nikamwambia maana yake, akarudi chumbani kwao kumalizia.